Uso Uliofichwa kwa Fremu 989 Kati ya 1,000 Haujafichwa

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nakuhubiria kutoka mlimani.

Nilirekodi klipu ya sekunde 40 na mama mmoja anayeuza mboga kwenye soko moja hapa Nairobi. Alikuwa ananieleza vile vijana fulani hupita kila jioni wakidai "pesa ya ulinzi", na vile asiyetoa hupata meza yake imepinduliwa asubuhi. Kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, uso wangu hautaonekana?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Nitaufunika."

Na niliufunika. Niliweka ukungu usoni, ile blaa tunayoijua sote, nikaiambia programu iufuate uso mpaka mwisho. Nikaitazama klipu mara moja kwa kasi ya kawaida, nikaona duara limekaa vizuri, nikaitupa mtandaoni. Baada ya siku mbili kuna mtu alinitumia picha ya skrini. Ilikuwa sura ya yule mama, safi kabisa, macho yanakuangalia. Pale katikati ya klipu alipopita nyuma ya mlingoti wa kibanda, duara liliganda kwenye mlingoti, uso ukatokea upande wa pili bila kifuniko, halafu duara likamrukia tena. Nilihesabu: fremu 11. Klipu yangu ilikuwa na fremu 25 kwa sekunde, kwa hivyo zile 11 ni chini ya nusu sekunde. Jicho langu halikuziona. Mtu mwenye kidole na nia aliziona.

Mama alihama meza yake. Mimi niliifuta klipu, lakini wewe unajua vizuri kama mimi kwamba kitu kikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, kukifuta ni kujifariji tu.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu ukungu unaomfuata mtu. Msimamo wangu ni huu: ukimwahidi mtu kuficha uso wake, umeahidi fremu zote. Sekunde 40 kwa fremu 25 ni fremu 1,000. Ukifaulu kwa 989, hujafaulu kwa asilimia 98.9. Umefeli, kwa sababu anayetafuta uso anahitaji fremu moja pekee.

Traka haijui uso ni nini

Makosa mengi yanaanzia hapa. Tunaona duara likicheza na kichwa cha mtu tunafikiri programu imemtambua. Wapi! Nitatumia DaVinci Resolve kama mfano, kwa sababu toleo lake la bure linatosha kabisa kwa kazi hii na ndilo nililonalo kwenye lapi yangu. Ukichora duara juu ya uso na kuiambia programu ifuatilie, inachofanya ni kutafuta ndani ya duara lile vidoa vinavyotofautiana na jirani zake: kona ya jicho, ukingo wa nyusi, mstari wa midomo, hereni inayong'aa. Halafu inaenda fremu inayofuata na kuuliza, vidoa hivi vimehamia wapi? Vikisogea kulia, duara linasogea kulia. Vikitawanyika kwa sababu mtu amekaribia kamera, duara linakuwa kubwa. Basi.

Kwa hivyo traka hufuata madoa wala si mtu. Ukilielewa hilo, utabashiri mwenyewe mahali itakapokosea. Mlingoti ukipita mbele ya uso, madoa ya uso yanafichika na ya mlingoti yanajitokeza, na traka haioni tofauti. Mtu akigeuza kichwa, macho na midomo yanapotea upande ule, sikio na nywele zinaingia, na duara linaanza kuteleza kidogo kidogo. Akitingisha kichwa haraka gizani, kamera yenyewe inaparaza picha na hakuna kidoa kilichobaki cha kushika. Na uso ukiwa mdogo sana kwenye picha, kama wa mtu aliye ng'ambo ya barabara, madoa yenyewe ni machache kiasi kwamba traka inaelea tu.

Wakati wa kurekodi tayari unaweza kuona shida inakuja. Mimi nilipaswa kuuona ule mlingoti.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hebu tuirudie klipu ile ile, sasa kwa njia inayofaa.

Kwanza malizia kukata. Hii nitairudia baadaye kwa sababu ina mtego wake, lakini kwa sasa shika hivi: ukungu unawekwa mwisho, klipu ikiwa imeshakatwa na kupangwa.

Fungua ukurasa wa `Color`. Ongeza nodi mpya kwa `Alt+S` ili ukungu ukae peke yake na usichanganyike na rangi ulizorekebisha. Ingia kwenye `Window`, chagua duara, uliweke juu ya uso. Sasa hapa watu wengi hufanya kosa ambalo hata mimi nililifanya: wanachora duara kubwa linalofunika kichwa chote na hewa ya pembeni, ili wawe salama. Linaonekana wazo zuri, lakini ndani ya duara hilo umeingiza pia ukuta, mabati na watu wanaopita nyuma. Vyote hivyo vina madoa, na vyote havisogei pamoja na uso. Traka inavutwa huku na kule, na mwishowe duara linaburutwa na ukuta.

Fanya kinyume. Chora duara dogo, la kubana: kutoka nyusi hadi kidevu, ngozi tupu ya uso na sehemu zake, bila mandharinyuma. Hili ni duara la kufuatilia, bado si la kufunika. Tutalipanua baadaye.

La pili ni pa kuanzia. Usianze fremu ya kwanza eti kwa sababu ndiyo ya kwanza. Pitia klipu utafute fremu ambayo uso ni mkubwa, umeikabili kamera na una mwanga. Kwa klipu yangu ilikuwa karibu na sekunde ya 9. Anzia hapo, fuatilia kwenda mbele mpaka mwisho, kisha rudi hapo hapo ufuatilie kwenda nyuma mpaka mwanzo. Vitufe vyenye mishale kwenye `Tracker` vinafanya kazi hiyo. Ukianza na fremu mbaya, umeipa traka madoa mabaya ya kukumbuka, na kila fremu inayofuata inarithi ubaya ule.

Tatu, kwenye `Tracker` kuna visanduku vya kutia alama: `Pan`, `Tilt`, `Zoom`, `Rotate` na `3D`. Vinne vya kwanza vinaipa traka ruhusa ya kusogeza duara kwa upana, kwa wima, kulikuza na kulizungusha. Hicho cha `3D` kinairuhusu kulipinda, kama vile duara limebandikwa kwenye bango linaloinama. Kwa bango la dukani kinasaidia sana. Kwa uso unaoongea, ambao midomo inafunguka na mashavu yanacheza, mara nyingi kinalikunja duara mpaka linakuwa kama chapati iliyokunjwa. Kitoe alama.

Bonyeza. Utaona grafu inajichora chini: mstari mmoja kwa kila kitu ulichoruhusu. Usiikimbie hiyo grafu, ndiyo rafiki yako. Mtu anayetembea au kutingisha kichwa huchora mistari ya mawimbi laini. Mstari ukiruka ghafla kama pigo la moyo, hakuna shingo ya binadamu inayosogea hivyo. Hapo traka imeshika kitu kingine. Kwenye klipu yangu mstari wa `Pan` uliruka karibu na fremu ya 412, na kama ningeliangalia hiyo grafu siku ile nisingehitaji kuandika makala haya.

Mlingoti unapopita

Sasa tutengeneze zile fremu mbaya. Kwenye grafu, buruta kipanya ukizungushia kisanduku sehemu iliyoruka, kuanzia fremu chache kabla ya mlingoti hadi chache baada yake. Fungua menyu ya vidoti vitatu ya `Tracker`, chagua `Clear Selected Track Data`. Sehemu ile inafutika, na programu inaunganisha pande mbili kwa mstari ulionyooka: duara linateleza sawasawa kutoka mahali lilipokuwa kabla ya mlingoti hadi mahali lilipo baada yake.

Kama mtu alitembea kwa mwendo mmoja, hiyo inatosha. Yule mama hakutembea hivyo. Alipita, akasimama, akainama kuokota mfuko, kisha akainuka. Mstari ulionyooka haujui kuinama. Hapo unatoka `Clip` na kuingia `Frame`, vitufe viwili vilivyo juu kwenye `Tracker`, na tofauti yake ni muhimu sana. Ukiwa `Clip`, ukisogeza duara unasogeza njia nzima, mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa `Frame`, unaliweka duara mahali pake kwa fremu ile pekee, na programu inaunganisha kutoka hapo hadi alama inayofuata. Kwa hivyo nenda fremu kadhaa, weka duara juu ya kichwa kwa mkono, songa mbele fremu nne au tano, weka tena, mpaka uso utoke salama upande wa pili. Kwa mlingoti mmoja ni alama tano au sita hivi. Ni dakika tatu za kazi. Dakika tatu hizo ndizo nilizomnyima yule mama.

Na kama baada ya mlingoti njia yote iliyobaki imeharibika, usijaribu kuiokoa kwa mkono fremu 500. Futa kuanzia pale, weka duara kwa usahihi kwenye fremu ya kwanza ambayo uso umeonekana vizuri tena, halafu iambie traka iendelee mbele kutoka hapo kwa madoa mapya.

Vipi mtu akitoka kabisa kwenye picha na kurudi? Usiilazimishe traka imngoje. Rudi ukurasa wa kuhariri, kata klipu mahali alipotoka, na kila kipande ukifuatilie peke yake. Usisahau tu kwamba kila kipande ni klipu yake na kinahitaji ukungu wake. Kata, weka, fuatilia, kagua.

Njia ikishakaa sawa, rudi `Clip`. Sasa ndiyo panua duara. Kwa sababu uko `Clip`, kupanua kwako kunaingia kwenye fremu zote huku njia ikibaki ile ile. Funika nywele, masikio, kidevu na kipande cha shingo. Watu hutambuliwa kwa masikio na kwa mstari wa nywele kuliko unavyodhani, hasa na watu wanaowajua. Kumbuka pia kwamba kingo za duara ni laini: pale pembeni ukungu ni nusu tu, na nusu ukungu ni nusu uso. Acha nafasi ya kutosha ili ile sehemu laini iangukie ukutani, isiangukie shavuni.

Ukungu wa kiasi gani?

Nenda `Blur`, vuta `Radius` juu. Usivute kidogo eti ipendeze. Ukungu mwepesi unaoonyesha macho yako wapi na tabasamu likoje ni urembo tu, kifuniko hakipo hapo. Ukiona umefika mwisho wa `Radius` na bado unamtambua mtu, buruta `Gaussian Blur` kutoka kwenye `Effects` uiweke juu ya nodi ile ile, itafuata duara lile lile.

Kipimo changu ni hiki: punguza dirisha la picha mpaka liwe dogo kama stempu, kisha kaa mbali na skrini. Ajabu ni kwamba ukungu mwepesi unaonekana vizuri zaidi ukiwa mdogo, kwa sababu jicho lako linaunganisha vipande. Ukimtambua mtu hapo, dada yake atamtambua pia, na wale vijana wa jioni vile vile.

Na kuna ukungu ambao haufichi kabisa. Mwaka 2007 Interpol ilimsaka mtu aliyekuwa ameweka mtandaoni picha za uhalifu wake dhidi ya watoto, akiwa ameuzungusha uso wake kama maji yanavyozunguka kwenye sinki. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani waliuzungusha nyuma, sura ikarudi, na mtu akakamatwa Thailand mwaka huo huo. Pale nilishangilia kama wewe. Lakini somo lake linakata pande zote mbili: kuzungusha uso kunahamisha tu pikseli, hakuzitupi, na kilichohamishwa kinaweza kurudishwa. Vile viboksi vikubwa vya mraba navyo ni vya kuangalia kwa makini kwenye video, kwa sababu uso unaposogea, kila fremu inaonyesha viboksi tofauti kidogo vya uso ule ule, na ukizikusanya fremu nyingi unapata habari zaidi ya ile iliyo kwenye fremu moja.

Kwa hivyo kama hatari ni ya kweli, acha kabisa habari za ukungu. Kwenye nodi ile ile, shusha `Gain` mpaka chini, duara liwe jeusi tititi. Halipendezi, najua. Lakini nyeusi haina kitu ndani yake cha kurudishwa. Ufuatiliaji ni ule ule, njia ni ile ile, umebadilisha rangi tu.

Mitego inayokuja baada ya kumaliza

Nilisema maliza kukata kwanza. Sababu ni hii. Traka inapita kwenye fremu zilizo ndani ya klipu kama ulivyoikata. Ukirudi kesho ukaona neno lake la mwisho limekatika, ukavuta ukingo wa klipu fremu 20 mbele, zile 20 hazijawahi kufuatiliwa. Duara linabaki limesimama pale lilipoishia, kama askari aliyelala langoni, na uso unatoka zake polepole.

Mbaya zaidi ni ile mpito laini ya picha moja kuyeyuka ndani ya nyingine. Ukiiweka kati ya klipu mbili, programu inahitaji fremu za kuyeyusha, na inazichukua kutoka nje ya mahali ulipokata, zile za akiba ambazo hukuziona ulipokuwa unafuatilia. Unaweza kukagua klipu yako yote ukaridhika, ukaongeza mpito dakika ya mwisho, na uso ukachungulia katikati ya kuyeyuka. Kwa klipu yenye uso wa kufichwa, kata kavu. Hakuna mtu aliyewahi kudhurika kwa kukosa mpito.

Halafu kuna ile picha ya jalada. Programu au mtandao unakuchagulia fremu moja iwe uso wa video. Ukiichukua jalada kutoka kwa faili ya kwanza ya kamera badala ya ile uliyotoa, umemfichua mtu mahali ambapo kila mtu ataona kabla hata hajabonyeza. Usicheke, yametokea. Chukua jalada kutoka kwa video iliyokamilika, au andika maneno tu.

Wewe unayehariri kwa simu, usidhani umeponea. Programu za simu zenye kufuatilia zinafanya hesabu ya aina ile ile, na mlingoti unazidanganya vile vile. Tofauti ni kwamba nyingi hazikuonyeshi grafu wala kukuruhusu kurekebisha fremu moja moja kwa urahisi. Kwa hivyo kata klipu vipande vifupi, kila kipande kiwe ni mwendo mmoja rahisi, na pale kifuniko kinapokataa kukaa, tupa kipande hicho uweke picha ya mikono yake au ya mboga mezani huku sauti ikiendelea.

Ukaguzi ndio kazi

Ukishatoa video, usiikague ndani ya programu ya kuhariri. Kagua faili yenyewe itakayotoka nje. Ifungue kwenye VLC, isimamishe, kisha bonyeza `E`. Kila ukibonyeza, inasonga fremu moja. Kwa fremu 1,000, ukienda fremu mbili kwa sekunde, ni dakika nane na sekunde kidogo. Huwa tunatumia muda mrefu kuliko huo kuchagua wimbo wa nyuma.

Ukitazama, usitazame duara. Jicho litafuata duara lizoee. Tazama nje ya duara, ukingoni, ukijiuliza swali moja: kuna ngozi ya uso inayoonekana? Punguza mwendo zaidi mahali mtu anapogeuka, mahali kitu kinapita mbele, na fremu tano za kwanza na za mwisho za kila kipande. Angalia pia vioo, madirisha ya matatu na miwani. Traka inafuata uso mmoja. Uso huo huo ukijitokeza kwenye kioo cha kinyozi nyuma yake, huo ni uso wa pili na unahitaji duara la pili.

Halafu fanya jambo ambalo sikulifanya: mpelekee mwenyewe aitazame kabla haijaenda popote. Yeye ndiye atakwambia, "Kijana, hii leso yangu soko lote wanaijua." Traka haiwezi kukwambia hivyo. Wala haifuniki sauti, na sauti nayo ni sura.

Kuna watakaosema nachukulia mambo uzito sana, kwamba ni video tu. Sheria yetu haioni hivyo. Uso unaotambulika ni data ya mtu binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya hapa Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za watu wanaojifurahisha na watoto wa shule. Sasa fikiria picha ya mtu anayesema jambo linaloweza kumletea wageni usiku.

Lakini ukweli ni kwamba sheria siyo iliyoninyima usingizi. Ni lile swali lake, na jibu langu la haraka.

Kwa hivyo hiki ndicho ninachofanya siku hizi, na naomba nawe ukifanye. Mtu akiniambia ana hofu, sirekodi uso wake kabisa. Narekodi mikono ikikata sukuma, kivuli ukutani, mgongo. Faili ambayo haina uso haiwezi kuvuja uso, hata simu yangu ikiibwa kesho pale Muthurwa. Ukungu unaofuata nauweka kwa wale walioingia kwenye picha bila kupangwa: mtoto aliyepita nyuma, mteja aliyekuja kununua nyanya. Na hata kwao, nafanya ile kazi yote: duara dogo kwanza, grafu, mlingoti, kupanua, kisha `E`, `E`, `E` mpaka mwisho.

Kama huna hizo dakika nane, usimwambie mtu "nitaufunika". Mwambie "sitakurekodi". Atakushukuru.